Kuhubiri Zaburi 69 baada ya maporomoko ya matope: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa na wainjilisti na wachungaji wanaopaswa kusimama mimbarini Jumapili ya kwanza baada ya maafa. Mfano nitakaoutumia ni Katesh, wilayani Hanang, mkoa wa Manyara. Maporomoko yalishuka huko asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, tena Jumapili ya kwanza ya Majilio. Watu zaidi ya 80 walifariki. Basi tuchukulie kwamba unaandaa mahubiri ya tarehe 10 Desemba, kwa washarika ambao baadhi yao wamezika juzi na wengine wanalala madarasani kwa sababu nyumba hazipo.

Kwa nini zaburi ya maombolezo, na siyo neno la faraja?

Faraja anayopewa mtu kabla hajasema linalomuuma humwambia kwamba maumivu yake yanawasumbua wenzake. Atanyamaza, ataitikia "amina" kwa sauti ndogo, na Jumapili ijayo huenda asirudi. Karibu theluthi ya zaburi zote 150 ni za maombolezo. Israeli haikuona aibu kumlalamikia Mungu wao hekaluni, kwa sauti, pamoja na kwaya. Sisi wengi tumelelewa kudhani kwamba kulalamika mbele za Mungu ni kukosa imani, kwa hiyo tunayaacha malalamiko yetu matangani kisha tunaingia kanisani na sura nyingine.

Kazi ya mahubiri haya ni moja: kuwapa watu maneno ya kumwambia Mungu yale ambayo tayari wanayo moyoni. Ukitoka mimbarini na mama mmoja akaweza kusema "maji yamefika mpaka nafsini mwangu" na kujua kwamba hayo ni maombi, umemaliza kazi.

Kwa nini Zaburi 69? Wengi tungechagua ya 46 au ya 121.

Zitazame hizo mbili ukiwa umesimama Katesh. Zaburi 121 inaanza na mtu anayeinua macho kuitazama milima, akiuliza msaada wake utatoka wapi. Washarika wako wakiinua macho wanauona mlima Hanang, na kutoka mlimani huko ndiko kifo kilikoshuka. Zaburi 46 inasema hatutaogopa, nchi ijapobadilika na milima ijapotetemeka. Ni maneno ya kweli na siku yake ya kusomwa itafika. Ila wiki ya kwanza utakuwa unawatia watu kinywani neno "hatutaogopa" wakati walikesha jana usiku wakisikiliza kama mvua imeanza tena. Wataliimba kwa midomo tu.

Zaburi 69 inaanza pale walipo: "Ee Mungu, uniokoe, maana maji yamefika mpaka nafsini mwangu. Ninazama katika matope mengi, pasipowezekana kusimama." Matope! Zaburi nyingi hutaja maji ya vilindi, lakini hii inataja matope mara mbili, mstari wa 2 na tena wa 14: "Uniponye kwa kunitoa matopeni, wala usiniache nikazama." Aliyeona tope likishuka na mawe na magogo anajua tofauti yake na maji. Mtu anaweza kuelea juu ya maji, lakini tope humshika miguu. Na maji yakipita hubaki mchanga na unyevu, ila tope hukauka likabaki limeizunguka nyumba, na kinachofukiwa humo hutolewa kwa jembe na mashine.

Jambo dogo la lugha litakusaidia hapa. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "nafsi" katika mstari wa 1 ni nefeshi, nalo hubeba pia maana ya koo. Maji yamefika kooni, pumzi inakatika. Halafu mstari wa 3 unasema: "Nimechoka kwa kulia kwangu, koo yangu imekauka." Koo hilohilo lililokuwa linazama sasa limekauka kwa kuita. Watu walioita majina ya watoto wao gizani hawahitaji ufafanuzi wa mstari huo. Usome polepole, kisha nyamaza kidogo.

Na kama maafa yetu ni moto, si mafuriko?

Usiilazimishe Zaburi 69. Nenda Zaburi 102, ambapo siku za mtu zinatoweka kama moshi, mifupa inateketea kama kinga, naye anakula majivu kama chakula. Soko likiteketea, majivu yale yanabaki kwenye nguo na kwenye sufuria kwa siku kadhaa, na zaburi inajua hilo. Mengine yote ninayoyasema hapa yanahusu moto pia.

Nisome zaburi yote? Ina mistari 36, na kuna laana katikati.

Usiisome yote. Soma 1 hadi 3, kisha 13 hadi 18, kisha 20, na mwisho 29. Hiyo ni dakika mbili hivi kwa msomaji asiye na haraka. Ukiweza, mpe mzee wa kanisa asome mistari ya 1 hadi 3 kwa lugha ya nyumbani, Kiiraqw au Kibarbaig, hata kama atatafsiri mwenyewe papo hapo. Kilio hutoka kwa lugha ya mama. Mwambie mapema, si asubuhi ile mlangoni, ili ayatafute maneno.

Laana za mistari ya 22 hadi 28 zinawahusu watu waliomtesa mwandishi kwa makusudi. Hapa hakuna adui wa namna hiyo, na ukizisoma kila mtu atatafuta wa kumbandika: jirani mchawi, diwani, kabila lingine. Ziache. Lakini usiseme kwamba hazimo kwenye Biblia mtu akikuuliza. Mwambie kwamba siku atakapokuwa amedhulumiwa na mtu, zaburi itampa mahali pa kuipeleka hasira yake, kwa Mungu na si kwa panga.

Mstari wa 5 ndio wa kuogopa zaidi: "Ee Mungu, unajua upumbavu wangu, wala dhambi zangu hazikufichwa kwako." Ukiusoma Jumapili hiyo bila maelezo, watu watasikia jambo moja tu, kwamba wamefukiwa na matope kwa sababu ya dhambi. Mimi huuruka. Kwenye somo la katikati ya juma, baada ya mwezi, ninaurudia na kueleza kwamba anayelia hajifanyi malaika, ila hasemi popote kwamba dhambi yake ndiyo iliyoleta maji.

Mstari wa 15 pia una neno zito, pale Shimo linapoombwa lisifumbe kinywa chake juu yangu. Kama kuna washarika ambao ndugu zao hawajapatikana hadi leo, neno hilo linawagusa pabaya kuliko wote. Nenda kwao Jumamosi, wasomee, waulize. Mara nyingi watataka lisomwe, maana ndilo wanaloliona usiku. Wakikataa, ishia mstari wa 14.

Watu wanauliza: je, hii ni adhabu ya Mungu? Niijibu mimbarini?

Ijibu, kwa kifupi na kwa sauti ya kawaida. Usipoijibu wewe, itajibiwa kwenye boda boda na kisimani. Andiko ni Luka 13, Yesu anapotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe: sivyo. Ni kweli kwamba anaendelea kuwaita wasikilizaji watubu. Anawaita walio hai wote, na hawahukumu waliokufa. Wasomee hilo, kisha rudi kwenye zaburi.

Pia sema wazi kilichotokea, kama kimeelezwa na wataalamu. Hanang ni mlima wa volkano, kwa hiyo siku za mwanzo wengi walihofia kwamba umelipuka. Haikuwa hivyo. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa na kumeguka, na tope likafuata mikondo ya maji hadi kwenye makazi. Mhubiri akiyasema haya kwa sentensi mbili, anawaondolea watu mzigo wa kutafuta mchawi. Sentensi mbili zinatosha, maana ibada si semina ya jiolojia.

Niwaambie Mungu aliahidi kwa upinde wa mvua kutoleta gharika tena?

Hapana. Ahadi ya Mwanzo 9 ni kwamba gharika haitaangamiza tena kila chenye mwili. Mtu aliyepoteza watoto watatu hapotezi "kila chenye mwili", lakini kwake ni hivyohivyo. Utakuwa umemwambia kwamba ahadi ya Mungu imevunjika kwake peke yake.

Andiko lingine linaloumiza likitumiwa vibaya ni 1 Wathesalonike 4:13. Tunalisoma kana kwamba Paulo amekataza kuhuzunika. Anachosema ni kwamba tusihuzunike kama wasio na matumaini. Kuhuzunika kwenyewe kumebaki. Yesu alijua atamfufua Lazaro, na bado alilia.

Mahubiri yenyewe yaweje? Nipe mfano.

Yasizidi dakika kumi na tano, maana watu hawajalala na akili zao haziwezi kubeba zaidi. Yaandike neno kwa neno. Mimi kwa kawaida huhubiri kwa vidokezo, ila siku ya msiba mkubwa ninaandika, kwa sababu mhubiri naye ana machozi, na akibabaika hukimbilia misemo aliyoizoea, na misemo hiyo ndiyo inayoumiza.

Mwanzo nausema hivi, au karibu na hivi:

"Ndugu zangu, Jumapili iliyopita tulikuwa tuanze Majilio. Tulikuwa tuwashe mshumaa wa kwanza. Hatukuuwasha. Sitawaambia leo kwa nini Mungu aliruhusu. Sijui. Nimekuja na maombi ya mtu mmoja wa zamani aliyezama kwenye matope, ili tuyaombe pamoja naye. Kama leo huwezi kuomba, usijilazimishe. Sisi tutaomba na wewe utakaa nasi."

Baada ya hapo nasoma mistari ya 1 hadi 3, naeleza lile la koo, na nasema majina. Ni majina ya marehemu wa usharika wote, niliyoyahakiki na familia moja moja, pamoja na majina ya wasiopatikana. Hapo ndipo watu watalia kwa sauti. Acha walie. Usiwaambie kwaya waimbe ili kufunika. Mara ya kwanza niliyofanya mahubiri ya aina hii, baada ya mafuriko mahali pengine, nilishtuka kilio kilipoanza nikaashiria kwaya. Waliimba wimbo wa furaha wenye ngoma. Baba mmoja aliinuka, akavaa kofia yake ndani ya kanisa, akatoka. Nilimfuata kesho yake. Aliniambia, "Mchungaji, ulinifunga mdomo." Sijasahau.

Sehemu ya pili ni mstari wa 20, ambapo mwandishi anasema alingoja mtu wa kumhurumia, wala hakuna, na wafariji asione mtu. Hapa nazungumza na walionusurika na nyumba zao zimesimama. Nawaambia kitu cha kufanya ambacho hakihitaji maneno: kukaa. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hicho ndicho walichokifanya vizuri, na walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Nenda kwenye darasa lile wanakolala watu, beba uji, keti. Usiulize "ilikuwaje", maana huyo mama ameshaulizwa na waandishi wa habari, na maafisa, na wageni wa kila namna. Akisema, sikiliza. Asiposema, osha vikombe.

Sehemu ya tatu ni mstari wa 14, na huu nawaomba washarika wauseme nami, mara tatu: "Uniponye kwa kunitoa matopeni, wala usiniache nikazama." Mara ya kwanza sauti huwa chache. Mara ya tatu huwa si kusoma tena.

Zaburi inaishia kwa sifa. Si lazima nami niishie huko?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndipo mahubiri mengi ya maombolezo yanapoharibika. Ni kweli kwamba kuanzia mstari wa 30 mwandishi anaahidi kulisifu jina la Mungu kwa wimbo, na mwishoni anaitazama Sayuni ikiokolewa na miji ya Yuda ikijengwa. Mhubiri huyaona hayo akafurahi, kwa sababu yanampa njia ya kutoka. Anapita juu ya matope kwa dakika tano na kukaa kwenye sifa dakika ishirini.

Angalia hesabu ya zaburi yenyewe. Sifa inaanza mstari wa 30 kati ya 36. Kabla yake mwandishi amelia, ameeleza, ameomba, akarudi kulia tena. Mistari ya 13 hadi 18 inaomba jambo lilelile kwa maneno karibu yaleyale ya mwanzo, matope, mkondo, vilindi. Mtu mwenye uchungu hurudia. Wewe pia ruhusu zaburi irudie, na usione haya kwamba mahubiri "hayasongi mbele".

Tena hatujui muda uliopita kati ya mstari wa 29 na wa 30. Kwenye karatasi ni nafasi ya mstari mmoja, na kwa mtu inaweza kuwa miezi. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza mimi naishia 29: "Nami niliye maskini na mtu wa huzuni, Mungu, wokovu wako utaniinua." Utaniinua, wakati ujao. Hilo ni tumaini la kutosha kwa siku hiyo, nalo ni la kweli kwa mtu ambaye bado yuko chini. Mistari ya sifa naiweka akiba kwa ibada ya kumbukumbu ya mwaka, na hata hapo nawaomba wafiwa wachache wanishauri kama wako tayari kuiimba. Zaburi 88 haina sifa kabisa, neno lake la mwisho ni giza, na bado imo kwenye kitabu cha ibada cha watu wa Mungu.

Nitajuaje kwamba nimeharakisha?

Washarika hukuonyesha. Mtu aliyekuwa analia ghafla anakauka uso na kutazama dirishani. "Amina" zinatoka kwa wageni na viongozi waliokaa mbele, huku viti vya wafiwa vikiwa kimya. Baada ya ibada watu wanakushika mkono na kusema "umehubiri vizuri", halafu hawana la kuongeza. Ukisikia badala yake mtu anakuambia habari ya marehemu, alipenda nini, alikuwa akielekea wapi asubuhi ile, ujue zaburi imemfungulia mlango.

Krismasi imekaribia. Tuiahirishe?

Haiahirishwi, lakini Majilio yote yalikuwa kungoja tangu mwanzo. Mstari wa 3 unamalizia kwa macho yaliyodhoofu kwa kumngoja Mungu. Unaweza kuwasha mshumaa mmoja tu kila Jumapili, kwa kimya, na watu wakaelewa.

Sadaka na michango itangazwe ibada hiyohiyo?

Itangazwe mwishoni, baada ya baraka, na mtu mwingine asiye mhubiri. Orodha ya wafadhili isisomwe siku hiyo.

Mvua ikianza kunyesha katikati ya mahubiri?

Desemba huko ni msimu wake, kwa hiyo jiandae. Panga na wazee wawili tangu Jumamosi: mmoja anatoka kuangalia korongo na mlima, mwingine anabaki mlangoni. Bati likianza kulia, nyamaza, usishindane nalo kwa kipaza sauti. Waambie watu kwa utulivu nani ametoka kuangalia, na kwamba anayetaka kusimama mlangoni naye aone kwa macho yake, asimame. Watoto wapelekwe kwa wazazi wao, wasibaki shule ya Jumapili kwenye jengo la nyuma. Mzee akileta habari kwamba korongo limepanda, ibada imekwisha, na watu waende juu, kwenye eneo lililokwisha kutajwa mwanzoni mwa ibada. Akirudi akasema ni mvua ya kawaida, usirudi ulipoishia. Anza tena mstari wa 14, wote pamoja, hata kama sauti za wengine zitakuwa zinatoka mlangoni.